Kuhamisha kontrola kutoka mkono kwenda oto bila vali kuruka: mwongozo kamili

Swali ni lile lile kila mara: lupu imetulia, opereta ameishika kwa mkono, anabonyeza AUTO na vali inaruka ghafla kama imepigwa teke. Mtu anapunguza gaini, haisaidii. Anaongeza kichujio cha kulainisha mwendo wa vali, mruko unakuwa mteremko mkali lakini bado upo. Mwisho opereta anaamua kuiacha lupu kwenye mkono mwaka mzima, na hapo kontrola imekuwa pambo.

Tatizo karibu kila mara haliko kwenye gaini. Liko kwenye kitu kimoja: wakati wa mkono, kumbukumbu ya ndani ya kontrola, yaani sehemu ya I, haijui autiputi halisi iko wapi. Hapa tutairekebisha hatua kwa hatua, na uzuri wa kazi hii ni kwamba ukubwa wa mruko wenyewe unakwambia kosa ni lipi, huhitaji kubahatisha.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Programu ya PLC au kontrola ambayo unaweza kuiona ndani, au angalau orodha ya vigezo vyake vyote.
- Trendi inayochora SP, yaani lengo, PV, yaani kipimo halisi, na OUT, yaani autiputi, kwa pamoja, ikichukua sampuli kila sekunde 1 au chini ya hapo. Ya kila sekunde 10 haitoshi, mruko unajificha katikati ya nukta mbili.
- Thamani za `Kp` ambayo ni gaini, `Ti` ambayo ni muda wa sehemu ya I, na `Ts` ambayo ni muda wa skani moja, yaani mzunguko mmoja wa programu, zinazotumika sasa hivi, na uhakika wa vipimo vyake: gaini ni asilimia ya vali kwa digrii, au asilimia kwa asilimia? `Ti` ni sekunde au dakika?
- Kama wewe unaweza kuona sehemu ya P na sehemu ya I kila moja peke yake, zichore pia. Ukiziona hizo mbili kazi inakuwa nusu.
- Ruhusa ya opereta, na makubaliano ya vali isizidi wapi wakati unajaribu. Kama vali ikiruka inaweza kuumiza mtu au kuharibu mali, jaribu kwenye simulesheni kwanza, usijaribu kwenye mtambo unaofanya kazi.

## Mfano tutakaotembea nao

Tuna kibadilisha joto, mvuke unapasha maji, vali ya mvuke inaendeshwa na kontrola ya PI. `Kp` ni 2, maana yake kila digrii 1 ya kosa, yaani SP kutoa PV, inasogeza vali asilimia 2. `Ti` ni sekunde 60 na `Ts` ni sekunde 1.

Lupu ilikuwa oto, imetulia kwenye nyuzi 80, vali asilimia 52. Ikiwa imetulia kosa ni sifuri, kwa hiyo P ni 0 na I ndo inabeba mzigo wote, ni 52. Opereta akaichukua kwa mkono, akashusha vali hadi 45. Maji yakapoa yakatulia nyuzi 72, SP bado ni 80. Sasa kosa ni 8, na sehemu ya P ni 2 × 8 = 16.

Anataka kurudi oto. Vali iko 45 na tunataka iendelee kutoka 45, si kwingine. Zishike hizi namba, 45 na 16 na 52, zitarudi.

## Hatua ya 1: Pima mruko, usiukadirie

Weka lupu mkono, subiri itulie, andika OUT, SP na PV. Hakikisha kuna kosa dogo lakini linaloonekana, tuseme digrii 2 au 3, manake ukijaribu wakati SP na PV ni sawa kabisa makosa mengi hayaonekani na utadhani kila kitu kiko sawa. Hili ndo linalowadanganya watu wengi siku ya kukabidhi mtambo.

Bonyeza AUTO. Rudisha mkono baada ya sekunde chache kama ni lazima. Angalia kwenye trendi OUT ya skani ya mwisho ya mkono na OUT ya skani ya kwanza ya oto. Tofauti yake ndo mruko.

Hapa tenganisha vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya. Mruko ni OUT kubadilika ndani ya skani moja. Mteremko ni OUT kuanza pale pale ilipokuwa halafu kupanda au kushuka taratibu. Kwenye mfano wetu mteremko halali ni Kp × kosa ÷ Ti, yaani 2 × 8 ÷ 60, karibu asilimia 0.27 kwa sekunde, kama 16 kwa dakika. Huo si ugonjwa. Kontrola imeona kosa la digrii 8 na inafanya kazi yake. Kama opereta hataki hata huo, dawa yake iko hatua ya 5.

Rudia jaribio mara mbili: mara moja ukikaa mkono kwa muda mfupi, mara nyingine kwa muda mrefu zaidi, kosa likiwa lile lile. Utaona sababu sasa hivi.

## Hatua ya 2: Soma ukubwa wa mruko

Kwa mfano wetu, kontrola nne zenye makosa tofauti zinaruka hivi.

Ya kwanza, I inaendelea kujumlisha wakati wa mkono. Kosa la 8 linaongeza 0.27 kila sekunde, kwa dakika 5 ni 80. I ilikuwa 52, sasa imeshapita 100. Ukibonyeza AUTO vali inaruka kutoka 45 hadi 100. Alama yake: mruko unakua kadri ulivyokaa mkono. Ndo maana nikasema ujaribu muda mfupi na muda mrefu.

Ya pili, I imegandishwa. Mtu aliona tatizo la kwanza akasimamisha I wakati wa mkono, akadhani kamaliza. I imebaki 52, P ni 16, jumla 68. Vali inaruka kutoka 45 hadi 68, mruko wa 23. Alama yake: muda wa kukaa mkono haubadilishi kitu, lakini ukisogeza vali zaidi kwa mkono mruko unabadilika.

Ya tatu, I imewekwa sawa na OUT bila kutoa P. Hii ni ya kawaida mno na inaonekana sahihi ukiisoma haraka. I ni 45, P ni 16, jumla 61. Mruko ni 16, yaani Kp × kosa kamili. Alama yake: kosa likiwa sifuri hakuna mruko kabisa, kosa likiwa 4 mruko ni 8, likiwa 8 ni 16. Mstari ulionyooka. Hata maktaba ya `PID_v1` ya Arduino inaanza hivi, `Initialize()` inaweka `outputSum` iwe sawa na autiputi, kwa hiyo ukiitumia kwa P ya kawaida hakikisha SP iko karibu na PV kabla ya kuhamia oto.

Ya nne, mruko wa nukta moja halafu OUT inarudi. Hapo tafuta sehemu ya D. Wakati wa mkono hesabu yake ilisimama, PV iliyokumbukwa ni ya zamani, kwa hiyo skani ya kwanza ya oto inaona PV imebadilika digrii 8 ndani ya sekunde 1. Dawa: PV ya skani iliyopita isasishwe kila skani, hali yoyote ile, na D ihesabiwe kutoka PV, si kutoka kosa.

Ukishajua uko kwenye kundi gani usiguse gaini. Endelea hatua ya 3.

## Hatua ya 3: Ifanye I ifuate autiputi

Kanuni nzima ni hii: wakati wa mkono, kila skani, I ihesabiwe kinyumenyume ili P + I iwe sawa na autiputi iliyopo. Kwa mfano wetu I = 45 − 16 = 29. Siku ukibonyeza AUTO, 29 + 16 = 45, vali haina sababu ya kusogea.

Kwenye ST, lugha ya kuandikia programu za PLC, inakuwa hivi:

```
e := SP - PV;
P := Kp * e;
IF AUTO THEN
    I := I + Kp * Ts / Ti * e;
    OUT := LIMIT(0.0, P + I, 100.0);
    MAN := OUT;
ELSE
    OUT := LIMIT(0.0, MAN, 100.0);
    I := OUT - P;
END_IF;
```

Angalia mambo matatu.

`I := OUT - P` iko ndani ya skani, si kwenye tukio la kubonyeza kitufe. Watu wanapenda kuiweka ifanyike mara moja tu pale hali inapobadilika, na inafanya kazi mpaka siku ambayo hali inabadilishwa na mantiki nyingine, kwa mfano kinga iliyoilazimisha lupu mkono halafu ikaiachia, na tukio lile halikuonekana. Kila skani ni salama zaidi na haigharimu kitu.

Inatumia `OUT` baada ya kikomo, haitumii `MAN`. Opereta akiandika 120 kwa bahati mbaya, vali iko 100, na I lazima ijue 100.

Na mstari wa `MAN := OUT` ni upande wa pili wa safari, kutoka oto kwenda mkono. Bila huo, opereta akibonyeza MAN vali inarudi kwenye namba aliyoiandika juzi. Kama thamani ya mkono inatoka kwenye skrini, hakikisha skrini inasoma `MAN` kutoka PLC na haiandiki juu yake thamani ya zamani kila inapofunguliwa. Na kama inatoka kwenye kitufe cha kuzungusha cha kweli, kile cha kushikwa na vidole, hicho hakiwezi kufuata chochote, kwa hiyo lazima uweke kipimo kinachoonyesha tofauti na opereta akizungushe mpaka tofauti iwe sifuri ndo ahame.

Kidogo kuhusu namna I inavyotunzwa. Kwenye kodi hapo juu `Kp / Ti` imezidishwa kabla ya kujumlisha, kwa hiyo I iko kwenye asilimia za vali. Ukitunza jumla ya kosa peke yake halafu ukaizidisha na gaini mwishoni, vali itaruka kila mtu anapobadilisha `Ti` lupu ikiwa oto, na utarudi hapa kuuliza kwa nini.

Kama unatumia bloku iliyotengenezwa tayari, kazi hii mara nyingi imeshafanywa ndani. `CONT_C`, ile `FB41` ya Siemens, ukiwasha `MAN_ON` inaweka I kuwa `LMN - LMN_P - DISV` na D kuwa 0, ni hesabu ile ile yetu. Lakini inafanya hivyo kama tu unaiita bloku kila mzunguko. Nimeona programu ambazo bloku inarukwa wakati wa mkono na vali inaandikiwa moja kwa moja pembeni, sasa bloku itajuaje?

Mafanikio hapa: kwenye mfano, skani ya kwanza ya oto inatoa 45.27. Hiyo 0.27 ni mteremko halali, si mruko. Ukiona 61 bado hujatoa P.

## Hatua ya 4: Usiibane I kati ya 0 na 100

Hili nalitenga peke yake manake linaharibu kazi nzuri. Mtu anamaliza hatua ya 3, halafu kwa nia njema anaweka kikomo kwenye I, 0 hadi 100, "ili isipitilize".

Sasa chukua lupu yenye `Kp` 5, kosa digrii 20, vali ya mkono 30. P ni 100. I sahihi ni 30 − 100 = −70. Ndiyo, hasi, na ni sahihi kabisa. Ukiibana iwe 0, unabonyeza AUTO na OUT inakuwa 100. Mruko wa 70 kutoka kwenye mstari mmoja wa "usalama".

Kikomo kiwe kwenye OUT. I iache iende inakohitaji wakati wa kufuata. Kama bloku yako inalazimisha kikomo cha I na huwezi kukiondoa, basi usihamie oto kosa likiwa kubwa, leta SP karibu na PV kwanza.

Alama ya kosa hili ni kwamba mruko hauonekani kwenye makosa madogo, unatokea ghafla tu kosa likizidi kiwango fulani.

## Hatua ya 5: Amua kama SP ifuate kipimo

Baada ya hatua ya 3 OUT inaanza pale pale, lakini kwenye mfano wetu itapanda 16 kwa dakika kwa sababu SP ni 80 na maji ni 72. Opereta anaweza asipende. Njia mbadala ni kufanya SP ifuate PV wakati wa mkono, ikiwashwa kwa `SPTRK`:

```
IF NOT AUTO AND SPTRK THEN
    SP := PV;
END_IF;
```

Iweke juu kabisa, kabla ya kuhesabu `e`. Ukiiweka chini, kosa linakuwa la skani iliyopita na kwenye PV yenye kelele utaona miruko midogo isiyoeleweka.

Sasa wakati wa mkono SP ni 72, kosa 0, P ni 0, I ni 45. Unahamia oto na hakuna kinachosogea, si mruko wala mteremko. Ni tulivu kabisa.

Lakini kuna bei yake, na usiwashe hii bila kufikiri. Ile 80 imepotea. Opereta akisahau kuirudisha, lupu itashikilia 72 kwa uaminifu mkubwa na hakuna alamu ya kosa itakayolia, kwa sababu kosa ni sifuri. Kama lengo la lupu halibadiliki, tuseme kiwango cha maji kwenye boila ambacho kinatakiwa kiwe pale pale siku zote, mimi siwashi. Kama opereta ndo anayechagua lengo kila zamu, nawasha.

Na kuna mtego wa pili. SP ni 72, lupu iko oto imetulia, opereta anaandika 80. Kosa linaruka kutoka 0 hadi 8 ndani ya skani moja, P inaruka 16, vali inaruka 16. Umeuhamisha mruko kutoka kwenye kitufe kwenda kwenye kibodi. Kwa hiyo ukiwasha SP kufuata PV, weka na kikomo cha mwendo wa SP, kwa mfano digrii 2 kwa dakika, hapo kutoka 72 kufika 80 ni dakika 4 na vali inatembea taratibu. Au hesabu P kutoka PV badala ya kutoka kosa, ambapo kubadilisha SP hakugusi P kabisa, lakini kumbuka ukifanya hivyo lupu inakuwa nzito kufikia lengo jipya.

## Hatua ya 6: Autiputi ya kweli ni ipi?

Mpaka hapa tumedhani OUT ya kontrola ndo inayofika kwenye vali. Mara nyingi sivyo. Chora mstari kutoka kwenye kontrola hadi kwenye vali na uandike kila kitu kilicho katikati: kikomo cha mwendo, kichaguzi cha ndogo au kubwa kati ya kontrola mbili, kinga inayofunga vali, swichi ya mkono iliyo kule uwanjani. Kila kimoja kinaweza kuifanya vali iwe kwingine wakati kontrola inadhani iko 45.

Kanuni: I inafuata thamani iliyo baada ya vyote hivyo.

Swichi ya uwanjani ndo ngumu kuliko zote. Fundi anaigeuza kwenda mkono kule chini, anaifungua vali kwa paneli ya pale, na kontrola iko oto kwenye skrini, haina habari, I inajumlisha tu. Fundi akirudisha swichi, vali inaruka. Hapa unahitaji waya mbili: moja ya kusema swichi iko mkono, nyingine ya nafasi ya vali. Nafasi ikija kwa 4–20 mA, vali asilimia 45 ni 4 + 0.45 × 16 = 11.2 mA. Igeuze iwe asilimia kabla ya kuiingiza. Mtu akiingiza 11.2 moja kwa moja, kontrola itafuata 11.2 na mruko utakuwa karibu 34.

Kwenye bloku ya PID ya Foundation Fieldbus thamani hii inaingia `TRK_VAL`, swichi inaingia `TRK_IN_D`, na lazima uwashe `Track Enable` kwenye `CONTROL_OPTS`. Kama unataka ifuate hata lupu ikiwa `Man`, kuna `Track in Manual` peke yake. Bloku ikifuata utaona hali halisi imekuwa `LO`. Usipoiona hiyo `LO`, ufuatiliaji haufanyi kazi hata kama waya zimefungwa.

Onyo: nafasi ya vali itumie tu wakati swichi ya uwanjani iko mkono. Usiiingize kwenye I wakati wa oto ya kawaida. Vali inayoganda kidogo, au kipimo cha nafasi chenye kosa la asilimia 2, kitakuwa kinavuta I kila skani na lupu haitatulia kwenye lengo. Na ukubali kwamba kosa la kipimo cha nafasi litabaki kama mruko mdogo wa ukubwa huo huo.

## Hatua ya 7: Oto ikigonga kikomo

Ugonjwa ni ule ule, ila sasa anayeishika vali ni kikomo badala ya opereta. OUT imefika 100, I inaendelea kupanda. Dawa inayotumika sana ni kuivuta I irudi kwa kiasi cha tofauti kati ya OUT halisi na jumla iliyohesabiwa. Badilisha mistari ya upande wa oto iwe:

```
V := P + I;
OUT := LIMIT(0.0, V, 100.0);
I := I + (Kp * e / Ti + (OUT - V) / Tt) * Ts;
MAN := OUT;
```

`Tt` ni muda wa kuvuta. Kwa PI anza na `Tt` sawa na `Ti`. Kwa mfano wetu, kosa likibaki 8 na vali iko 100, V inatulia kwenye 116, yaani I inasimama 100 badala ya kupaa hadi 300. Ukipunguza `Tt` hadi 15, V inatulia 104 na I 88, lupu inaondoka kwenye kikomo mapema zaidi PV ikianza kupanda. Usiifanye `Tt` ikaribie `Ts`, kelele ya PV itaivuta I ovyo na vali itakuwa inaondoka kikomoni kabla ya wakati.

Sasa hapa kuna kosa ambalo hata watu wazoefu wanaingia. Wanaona mstari huu unafanya kazi nzuri, wanasema tuutumie na wakati wa mkono pia, OUT iwe MAN basi. Haitoshi. Wakati wa mkono ule mjumlisho wa kosa unaendelea kusukuma, na I inatulia pale msukumo na mvuto vinapolingana, ambapo P + I iko juu ya OUT kwa Kp × kosa × Tt ÷ Ti. `Tt` ikiwa sawa na `Ti` hiyo ni 16. Utabonyeza AUTO na kuruka kutoka 45 hadi 61, ukubwa ule ule wa kosa la tatu la hatua ya 2, utatafuta P iliyosahaulika na hutaiona.

Kwa hiyo wakati wa mkono tumia `I := OUT - P` kamili, wakati wa oto tumia mvuto wa taratibu.

## Hatua ya 8: Lupu ndani ya lupu

Kama lupu ya joto inatoa autiputi ambayo ni SP ya lupu ya ndani ya mtiririko wa mvuke, basi "vali" ya lupu ya nje ni SP ya lupu ya ndani. Lupu ya ndani isipokuwa inapokea amri kutoka nje, lupu ya nje haina inachoendesha, na I yake inaelea.

Rekebisha hivi: ndani ikiwa mkono, SP yake ifuate mtiririko wake. Ndani ikiwa haipokei kutoka nje, OUT ya nje ifuate SP ya ndani, na I ya nje ihesabiwe kinyumenyume kutoka hapo. Badilisha vipimo njiani. Mtiririko wa 900 kg kwa saa kwenye kipimo cha 0 hadi 2000 ni asilimia 45 kwa lupu ya nje. Kwenye Foundation Fieldbus kazi hii inafanywa na waya kutoka `BKCAL_OUT` ya ndani kwenda `BKCAL_IN` ya nje, na ukiisahau hiyo waya bloku ya nje haitakubali kuingia `Auto`.

Kuhama kila mara anza ndani: ndani iwe oto, isubiri itulie, halafu ipokee kutoka nje, mwisho nje iwe oto. Ukianza nje, inaanza kujumlisha wakati hakuna anayeisikiliza.

## Hatua ya 9: Jaribio la mwisho

Rudia hatua ya 1 lakini sasa kwa makusudi ya kuivunja. Kosa dogo chanya, halafu kosa dogo hasi, manake tatizo linaloonekana upande mmoja linaweza kujificha upande mwingine. Kaa mkono muda mrefu. Sogeza vali mkono halafu hama mara moja bila kusubiri. Hama oto kwenda mkono katikati ya PV kutembea. Geuza swichi ya uwanjani, sogeza vali, rudisha. Zima PLC na uiwashe lupu ikiwa mkono, uone kama MAN na I zimeanza na thamani za maana au zimeanza na sifuri. Zikianza na sifuri vali itajifunga yenyewe umeme ukirudi, kwa hiyo `MAN` iwekwe kwenye kumbukumbu isiyofutika na lupu ianze mkono.

Umefaulu kama kwenye kila jaribio OUT ya skani ya kwanza baada ya kuhama inatofautiana na ya mwisho kwa kiasi kisichozidi Kp × kosa × Ts ÷ Ti, pamoja na kelele ya kawaida ya PV ikizidishwa na `Kp`. PV yenye kelele ya digrii 0.2 na `Kp` 2 itakupa mtikisiko wa 0.4 kila skani hata bila kuhama, huo usiuhesabu kama mruko. Ukitaka kuwa na uhakika linganisha na skani kumi kabla ya kuhama: kama mtikisiko wa kuhama hauonekani katikati ya mtikisiko wa kawaida, mpe opereta kitufe cha AUTO akibonyeze mwenyewe wakati wa zamu yake, na uache trendi ikirekodi.